Kutambua mradi unaotanuka: tuhesabu tiketi, tujumlishe saa, au tulinganishe na nakala ya mpango?

Mratibu wa Ngara

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaratibu mradi wa mfumo wa mikopo kwa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Tulipozindua kazi tarehe 4 Machi 2024, mpango ulikuwa na tiketi 40 zenye makadirio ya saa 620. Sasa tumo katika wiki ya sita na Jira inaonyesha tiketi 63. Mteja anashikilia kwamba hajaongeza jambo lolote la maana, ilhali timu yangu inasema imelemewa. Keshokutwa nina kikao na mteja, na ningependa kuingia nikiwa na hesabu.

Njia ninazozifikiria ni tatu: kuhesabu tiketi zilizofunguliwa baada ya uzinduzi, kujumlisha makadirio ya saa za tiketi hizo, au kuchukua mpango wa awali na kuulinganisha mstari kwa mstari na hali ya sasa. Ya kwanza ni kazi ya dakika moja, lakini ya tatu naona itanimalizia siku nzima. Ni ipi itakayosimama mbele ya mteja?

Chapchap wa Kasarani

Hesabu tiketi, ndugu yangu. Tafuta hivi:

```
project = MKOPO AND created > "2024-03-04"
```

Tiketi 23 juu ya 40 ni zaidi ya nusu. Mimi nikiona ongezeko limepita sehemu moja kwa kumi, ninasimamisha kazi hadi mteja atie sahihi upya. Sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Mratibu wa Ngara

Asante. Nimejaribu, lakini imeniletea tiketi 31 badala ya 23.

Mkaguzi wa Mipango

Hizo nane za ziada karibu bila shaka ni tiketi za mpango wenyewe zilizoingizwa siku ya uzinduzi. Jira huichukua tarehe isiyotajiwa saa kuwa ni saa sita usiku inapoanza siku hiyo, kwa hiyo kila kilichoandikwa tarehe 4 mchana kinahesabiwa kuwa kimekuja baadaye. Andika `created >= "2024-03-05"` na idadi itakaa sawa.

Hata hivyo, tarehe ya kufunguliwa haisemi tiketi imezaliwa kwa sababu gani. Mtu akiichukua tiketi kubwa ya mpango na kuigawa mara tatu ili wenzake waweze kushirikiana, idadi imepanda na kazi ni ileile. Upande wa pili, mtu akiifungua tiketi ya zamani, akaongeza mistari miwili katika maelezo yake na kubadilisha makadirio, kazi imekua na hakuna tiketi mpya itakayoonekana. Hesabu ya tarehe inakosea pande zote mbili, na makosa hayo hayafutani.

Nakushauri uchukue njia ya tatu, na haitakumalizia siku. Tafuta orodha ya makadirio uliyomtumia mteja kabla ya uzinduzi, uiweke katika Excel, kisha ongeza safu ya saa za leo na safu ya tiketi mzazi. Kila tiketi iliyoongezwa ipe alama moja katika safu ya F: MGAWO ikiwa imetoka ndani ya tiketi ya mpango, SAHAU ikiwa ni kazi isiyoepukika ambayo hatukuiona tulipokadiria, na MPYA ikiwa haimo kabisa katika yale tuliyokubaliana. Saa za leo zikiwa katika safu ya D, jumla hupatikana hivi:

```
=SUMIFS(D:D, F:F, "MPYA")
```

Usiiache kando hesabu ya Chapchap, kwa kuwa ina faida moja. Tiketi zinazofunguliwa kwa haraka mara nyingi hazina makadirio, na kwenye jumla ya saa zinaingia kama sifuri. Idadi ikipanda huku saa zikibaki palepale, anza kwa kuzitafuta hizo.

Mjenzi wa Ruiru

Mimi ni kontrakta wa nyumba. Mwaka jana mwenye nyumba aliongeza ukuta wa kuzunguka kiwanja na choo cha mlinzi, na malipo yakawa vita. Ushauri wangu ni kwamba usifanye lolote bila barua ya mabadiliko iliyotiwa sahihi. Je, mkataba wako unaruhusu kudai fedha za nyongeza?

Mratibu wa Ngara

Mzee, nakushukuru, ila suala la malipo litakuja baadaye. Kwa sasa natafuta kujua ni kiasi gani kilichoongezeka.

Mkaguzi, nimekaa nayo asubuhi nzima. Kati ya zile 23, tatu hazikuwa na makadirio, hivyo niliwaomba wahusika wayajaze. Baada ya hapo tiketi 11 zimekuwa MGAWO zenye saa 104, na zote zimetoka kwa tiketi nne za mpango zilizokadiriwa saa 96. Tano ni SAHAU zenye saa 38, kubwa zaidi ikiwa kusuluhisha malipo ya M-Pesa ambayo fedha zimeingia lakini jibu halikutufikia. Saba ni MPYA, saa 92. Jumla ni saa 234, na nikizigawa kwa 620 napata karibu asilimia 38.

Mkaguzi wa Mipango

Umefanya vizuri, lakini usiipeleke hiyo 38 kikaoni. Saa 96 za zile tiketi nne zimo tayari ndani ya 620, kwa hiyo katika MGAWO kilichokua ni saa 8 tu. Ongezeko ni 8, 38 na 92, yaani saa 138, ambazo ni asilimia 22. Angalia pia kama tiketi mama bado ziko wazi na makadirio yake, kwa maana Jira itakuwa inazijumlisha mara mbili.

Kisha linganisha saa za zamani na za leo katika tiketi zote 40.

Mratibu wa Ngara

Tiketi mama zilikuwa wazi zote nne. Na nimeipata nyingine: tiketi ya ripoti ya mikopo ilikuwa saa 16, leo ni 40. Nimefungua historia yake nikaona kwamba tarehe 21 Machi maelezo yalibadilishwa kutoka ripoti moja ya mwezi hadi ripoti tatu, mojawapo ikiwa kwa kila tawi. Hakuna tiketi mpya iliyofunguliwa. Ongezeko lote sasa ni saa 162, na nje ya makubaliano ni 92 na hizi 24, jumla 116.

Dada wa Westlands

Mimi niko upande wa wateja, na ningezipinga saa 38 za SAHAU zikiletwa kama kutanuka kwa mradi. Mteja aliomba malipo ya M-Pesa yafanye kazi, na kusuluhisha malipo yaliyopotelea njiani ni sehemu ya kufanya kazi. Hilo ni kosa la makadirio.

Jambo jingine kwa wanaotumia Microsoft Project: kazi iliyoongezwa baada ya mpango kuhifadhiwa huonyesha `Baseline Work` ya sifuri, hivyo huonekana mara moja. Lakini kwetu msimamizi mmoja aliuhifadhi mpango upya juu ya ule wa kwanza katikati ya mradi, na tofauti zote zikafutika. Kuna nafasi kumi nyingine za kuhifadhia, naye hakuzitumia.

Mkaguzi wa Mipango

Sikubaliani nawe kabisa, dada. Ikiwa mteja alituonyesha mchoro wa malipo usiokuwa na hatua hiyo, sisi tungeikadiriaje?

Dada wa Westlands

Kwa kumuuliza kabla ya kukadiria.

Mratibu wa Ngara

Nitazionyesha saa 116 na 38 katika mistari miwili tofauti, na ule wa pili nitauacha wazi tuujadili kikaoni. Ile tiketi ya ripoti nitaichapisha pamoja na historia yake.