Betri mpya, UPS, ruta ya kugawa saa au mashine nyingine? Kompyuta za dukani zinakataa tovuti kila asubuhi

duka_la_fotokopi (Arua)
Habari zenu wakuu. Tuna duka la kuchapa na fotokopi, kompyuta nne. Kila asubuhi tukiwasha, Google inagoma, barua pepe inagoma, inaandika "Your connection is not private". Tukirekebisha tarehe kwa mkono mambo yanakaa sawa, kesho yake ni yale yale. Bosi ametenga pesa kidogo na anataka jibu wiki hii. Nimeambiwa njia nne: kubadilisha betri za ndani, kununua UPS ya kushikilia umeme ukikatika, kuweka ruta inayogawa saa, au kuuza hizi tununue nyingine. Ipi ina faida?

netiweki_busia
Ruta, bila kufikiri mara mbili. Chukua MikroTik yenye RouterOS 7, iwashie NTP, ile huduma ya kugawa saa kwenye mtandao, kompyuta zote zichukue saa kwake. Kazi imeisha, hutafungua kompyuta hata moja.

fundi_wa_solda
Netiweki, umetoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Dada, tuambie kwanza: kompyuta ni za aina gani? Windows ipi? Tarehe inarudi mwaka gani? Chini ya ule ujumbe kuna maandishi madogo ya herufi kubwa, yanasemaje? Na jioni mnazizima vipi, mnazima kompyuta tu au mnakata umeme kabisa?

kijana_mbarara
Kwani lazima? Bonyeza "Advanced", halafu "Proceed", unaingia. Ukitaka suluhisho la kudumu nunua UPS, kompyuta haitapoteza umeme wala saa.

duka_la_fotokopi (Arua)
Samahani, nilidhani hayo si muhimu. Zote ni HP Compaq 8200 Elite, Windows 10. Tarehe inarudi 1 Januari 2011. Maandishi madogo ni NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Zikiwaka zinaandika "163-Time & Date Not Set", tunabonyeza F1 zinaendelea. Jioni bosi anashusha swichi kubwa, anaogopa moto. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha mchana, saa inapotea pia.

fundi_wa_solda
Hiyo swichi kubwa ndiyo jibu lako. Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini waya bado una umeme, pawa saplai inaendelea kulisha mazabodi kidogo, na saa inatembea kwa umeme huo. Betri inaweza kuwa imekufa miaka miwili na hakuna atakayejua. Siku mkianza kukata umeme ukutani, saa inabaki na betri peke yake, na betri haina kitu.

Halafu cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake kwa brauza, kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha. Brauza inazilinganisha na saa ya kompyuta yako. Ukiwa mwaka 2011, kila cheti cha leo bado hakijaanza, kwa hiyo tovuti zote zenye kufuli zinagoma kwa pamoja.

Kijana, UPS ndogo inashikilia dakika chache. Usiku mzima haifiki, na wao wanazima kila kitu. Na hiyo "Proceed" haipo kila mahali. Chrome ikigundua saa iko nyuma inaleta ukurasa wa "Your clock is behind", una kitufe cha kurekebisha saa tu. Isitoshe, kuzoesha wateja wa duka kupita onyo huku wanaandika nywila zao, hapana.

netiweki_busia
Sawa, betri imekufa. Lakini ruta ikiwapa saa sahihi kila wakiwasha, betri ya nini?

fundi_wa_solda
Kwa sababu Windows haitaikubali hiyo saa. Kompyuta isiyo kwenye domeni, yaani isiyosimamiwa na sava ya ofisi, ina kikomo: tofauti ikizidi sekunde 54000, yaani saa 15, huduma ya saa inakataa kurekebisha. Kutoka 2011 hadi leo ni zaidi ya miaka 14. Fungua Event Viewer, tafuta Time-Service, utakuta imeandika kwamba haitabadilisha saa kwa kiasi hicho. Ndiyo maana wanarekebisha kwa mkono kila siku ingawa intaneti ipo na kisanduku cha saa ya kujiendesha kimewekwa alama.

Na MikroTik nyingi zenyewe hazina betri ya saa. Umeme ukirudi, nayo inasubiri intaneti ndipo ijue tarehe. Kama intaneti ipo, kompyuta nne zinaweza kuuliza time.windows.com moja kwa moja. Ruta ya kugawa saa ina maana ukiwa na mashine arobaini au kamera zisizofika intaneti, si duka la mashine nne.

kijana_mbarara
Mbona ya kwangu ya Windows 10 hujirekebisha yenyewe hata ikirudi nyuma mwaka?

fundi_wa_solda
Inawezekana. Kuna kitu kinaitwa Secure Time Seeding, Windows inaokota makadirio ya saa kwenye mazungumzo ya TLS, yale ya kufungua tovuti zenye kufuli. Mara inasaidia, mara haigusi kitu. Usijenge ofisi juu yake.

dada_wa_lira
Mimi nasema uza. Msaada wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na 8200 ni prosesa za kizazi cha pili, Windows 11 haizipokei rasmi. Kila shilingi unayotia humo inapotea.

fundi_wa_solda
Hoja ya Windows 10 ni ya kweli, ila ni mjadala mwingine. Hiyo mashine iliyotumika utakayomnunulia nayo ina betri ya umri ule ule wa mashine. Atafika nayo Arua, bosi atashusha swichi, na asubuhi tunarudi hapa.

Dada wa fotokopi, betri ni CR2032, ya volti 3, moja kwa kila mashine. Bei yake haizidi rolex mbili tatu za chapati na mayai. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili mabaki ya umeme yaishe, gusa chuma cha kasha, kisha sukuma kibano kidogo cha pembeni, betri itaruka juu. Mpya inaingia upande wa alama ya + ukitazama juu. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji aipime kwa mita: nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma 2.7 kushuka chini, mrudishie. Za pakiti zisizo na jina mara nyingi zinasoma vizuri dukani na kulala baada ya miezi michache.

Ukiwasha, ingia F10, weka tarehe na saa, hifadhi. Usiguse mpangilio wa diski humo ndani. Ukibadilisha AHCI kuwa kitu kingine Windows inaweza kukataa kuwaka kwa skrini ya bluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kisha kwenye Windows fungua CMD kama msimamizi:

```
tzutil /s "E. Africa Standard Time"
sc config w32time start= auto
net start w32time
w32tm /resync
w32tm /query /status
```

Nafasi baada ya "start=" ni lazima iwepo. Ikisema huduma tayari imewashwa, endelea tu.

duka_la_fotokopi (Arua)
Tumebadilisha zote nne. Jana jioni swichi ilishushwa, leo hakuna 163 kwenye hata moja. Tatu zinafungua kila kitu. Ya nne inanichanganya: Google inagoma, tovuti kadhaa zinagoma, lakini tovuti ya chuo kimoja ambako wateja wanajaza fomu inafunguka vizuri. Mwaka ni 2025, saa ni sawasawa na simu yangu. Betri mbovu?

netiweki_busia
Hiyo sasa ni DNS au antivairasi. Zima antivairasi ujaribu.

fundi_wa_solda
Usizime kitu. Mwaka ni sawa, saa ni sawa. Mwezi je? Uliandikaje tarehe kule F10?

duka_la_fotokopi (Arua)
Hiyo aliiweka kijana wetu. Jana ilikuwa 7 Novemba, anasema aliandika 07/11/2025.

fundi_wa_solda
Hapo hapo. BIOS, yaani ule mpangilio wa F10, inaweka mwezi kwanza, kwa hiyo mashine inaamini ilikuwa 11 Julai. Iko nyuma kwa siku 119. Vyeti vya siku 90, kama vya Let's Encrypt wanaotoa vyeti bure, vyote vinavyotumika leo vilitolewa baada ya Julai, hivyo kwake bado havijaanza. Google nao hutumia vyeti vya muda mfupi. Tovuti ya chuo lazima ina cheti cha muda mrefu kilichotolewa kabla ya Julai, ndiyo maana inapita. Baadhi zikifunguka na baadhi zikigoma, shuku mwezi kabla ya kushuku antivairasi. Na Windows haikujirekebisha kwa sababu siku 119 bado ni zaidi ya saa 15.

Kosa hili hutokea tarehe 1 hadi 12 tu, maana hakuna mwezi wa 13.

duka_la_fotokopi (Arua)
Ni kweli kabisa, ilikuwa imeandika Julai. Imefunguka. Asante sana fundi.

netiweki_busia
Basi fungua kikomo chenyewe ili yasitokee tena. Kwenye rejista, HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\W32Time\Config, weka MaxPosPhaseCorrection na MaxNegPhaseCorrection ziwe ffffffff. Windows itakubali tofauti yoyote, hata ya miaka.

fundi_wa_solda
Inafanya kazi, ila siipendi kwenye duka la umma. NTP ya kawaida haina uthibitisho. Mtu akiwa kwenye mtandao huo huo akajibu badala ya sava, anaweza kukurudisha hadi siku ambayo cheti kilichokwisha na kuibwa kilikuwa bado hai. Kikomo kiliwekwa kwa sababu.

netiweki_busia
Fundi, nani atafanya hivyo Arua kwa kompyuta za fotokopi? Kati ya hatari hiyo na mhudumu anayeandika tarehe kwa kubahatisha kila asubuhi, mimi nachagua rejista.

fundi_wa_solda
Akiwa na betri nzima haandiki tarehe tena. Hatutakubaliana hapa.

mzee_wa_malaba
Wanangu, nami simu yangu ya Android 6 inakataa tovuti nyingi kwa kosa la cheti. Tarehe ni sahihi. Nibadilishe betri?

kijana_mbarara
Mzee, rudisha tarehe nyuma mwaka mmoja, zitafunguka.

fundi_wa_solda
Mzee, usirudishe. Ukirudi nyuma mwaka, vyeti vya leo vitakuwa havijaanza, utaharibu hata zile zinazofunguka. Kwako si saa wala betri. Android iliyo chini ya 7.1.1 haina mzizi, yaani cheti mama, wa ISRG Root X1 ambao Let's Encrypt inautegemea, na cheti cha zamani kilichokuwa daraja la kuisaidia kilikwisha 2024. Firefox hubeba orodha yake ya mizizi, lakini matoleo mapya hayaingii kwenye Android hiyo, utabaki na toleo lililoachwa.

dada_wa_lira
Na laptopu je? Nina moja tarehe yake inarudi nyuma kila chaji ikiisha. Nimeifungua, betri yake imeandikwa ML1220. Hapa nimepata CR1220 tu, nazo zinatoshea.

fundi_wa_solda
Zinatoshea ila usiweke. ML inachajiwa na mazabodi, CR haichajiwi. Ikisukumiwa chaji inaweza kuvimba au kuvuja juu ya bodi. Piga picha ya bodi na kiota cha betri uiweke hapa, tuone ni modeli gani.