Oili ya haidroliki 46 au 68 kwa eskaveta ya Tanga?

Kijiko_Tanga: Wakuu, nina eskaveta ya tani 20 kwenye machimbo ya chokaa hapa Tanga. Asubuhi inapiga kazi safi. Ikifika saa nane mchana mkono unapanda kwa kujivuta, na nikiuacha hewani unashuka wenyewe. Ndani kuna 46. Nihamie 68?

BwanaGrisi: Weka 68, usifikirie mara mbili. Joto la pwani linaifanya 46 kuwa maji. Hiyo ni ya watu wa Njombe.

Makambako_Juu: Huku Njombe nako 68 ilinitesa. Asubuhi za Juni oili ilikuwa nzito kufyonzwa, pampu inanguruma kama imemeza kokoto.

Tipa_Korogwe: Mimi namwaga SAE 40 miaka yote, jua la Korogwe halijanishinda.

FundiPampu: Tipa, hiyo ni ya injini, namba zake hazilingani na hizi. Kijiko, pima oili ya tangini saa hiyo ya uchovu. Pampu haijui joto la hewa.

Kijiko_Tanga: Nimepima. Hewa 33, tangi 84.

FundiPampu: Hapo ndipo penye shida. Namba 46 ni mnato wa oili ikiwa nyuzi 40. Ikifika 84, ile ya kawaida inabaki kama 10 tu. Ikiwa nyepesi hivyo, inapenya ndani ya pampu na kurudi tangini bila kufanya kazi. Huko kupenya nako kunazalisha joto, na joto linazidi kuilainisha. Ukiweka 68 kwenye nyuzi zilezile 84 utapata kama 13. Lakini ukiishusha hiyohiyo 46 hadi nyuzi 70 utapata karibu 15. Kwa hiyo kabla ya kununua oili, toa vumbi kwenye rejeta ya oili na uangalie feni.

BwanaGrisi: Na 68 kwenye nyuzi 70 je?

FundiPampu: Kama 20. Ndiyo, ni nzuri zaidi kwa pampu ya pistoni. Sikatai 68 kwa Tanga, ambako asubuhi haina baridi ya Makambako. Ila kitabu cha mashine kiiruhusu.

Kijiko_Tanga: Rejeta ilikuwa imezibwa na vumbi la chokaa lililoshikana na oili. Baada ya kuiosha, jana mchana tangi halikuvuka 71. Mkono unapanda vizuri. Kushuka kumepungua, hakujaisha.

FundiPampu: Kushuka huko usiilaumu pampu. Liva ikiwa katikati, mzigo unashikiliwa na valvu na sili za silinda. Oili nyepesi ilikuwa inaanika uchakavu uliokuwepo tayari. Weka alama kwenye fimbo ya silinda, zima injini ikiwa ya moto, kaa mbali na mkono, kisha pima umeshuka kiasi gani kwa dakika kumi. Hiyo 68 itaficha tatizo, haitalitibu.

BwanaGrisi: Sili mpya ni bei gani, na 68 ni bei gani? Mimi ningeficha mpaka msimu uishe.

Makambako_Juu: Mkono ukimshukia mtu je?