Nina miaka 46, miezi ya NSSF haitoshi: naomba ushauri

Wakuu, shikamooni. Nipo Moshi, ni dereva wa watalii. Miaka mingi nimefanya kazi bila mkataba, kwa hiyo NSSF nina michango ya miezi 36 tu. Pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180.

Hadi miaka 60 nimebakiwa na 14. Ningechangiwa kila mwezi ningefikisha 204. Shida ni masika: kuanzia Machi hadi Mei kampuni hutusimamisha bila mshahara, na michango husimama. Kwa miezi 9 kwa mwaka nitafika 60 nikiwa na 162, yaani pungufu ya 18. Roho inaniuma sana, maana hiyo miezi ya masika ndiyo itakayoninyima pensheni.

Naomba aliyepitia anieleze: miezi ya masika naweza kujilipia kama mchangiaji wa hiari, na ikajumlishwa na ya mwajiri?

Pia msimu ukiwa mzuri nabakiza 300,000 kwa mwezi. Nawaza hatifungani ya miaka 10, riba ya kila miezi sita ilipe michango hiyo. Ya miaka 25 itaiva nikiwa na 71, naiogopa. Mama watoto anasema tujenge vyumba vya kupangisha kihambani. Mnaonaje?