Tupeane uzoefu: setapu inayozimika kwa sababu ya jina la folda yako

Mũthoni wa Kasarani: Nianze na yangu. Nilinunua laptopu, nikaandika jina langu kama lilivyo, na kiwimbi juu ya u. Setapu ya programu ya hesabu za duka ikawa inafika nusu inazimika. Nikaipakua mara tatu nikidhani faili limeharibika, bando ikaisha. Kilichonifumbua macho ni kidirisha cha kosa: hakioni `C:\Users\Muthoni\AppData\Local\Temp`. Tazama hiyo u, haina kiwimbi! Folda yangu ni `Mũthoni`. Yenu ilikuwaje?

Bizna254: Pole dada. Ingia Settings, badilisha jina la akaunti, kwisha.

Fundi wa River Road: Hapo umefika nusu, ndugu. Linalobadilika ni jina linaloonekana unapoingia. Folda hubaki ilivyo tangu akaunti ilipofunguliwa. Andika `echo %USERPROFILE%` kwenye cmd utaiona.

Mũthoni, setapu hufungulia faili zake kwanza kwenye Temp, na Temp imo ndani ya folda ya jina lako. Setapu za kizamani husoma njia hiyo kwa orodha ya herufi ya Windows iitwayo 1252. é imo, ndiyo maana kina René wengi hupita salama. ũ na ĩ hazimo, kwa hiyo hugeuzwa u na i za kawaida, na folda ya jina hilo haipo. Mimi huunda `C:\Temp`, naweka setapu humo, nafungua cmd kwa `Run as administrator`, kisha:

```
cd /d C:\Temp
set TEMP=C:\Temp
set TMP=C:\Temp
setup.exe
```

Usiende kuibofya setapu pembeni. Mabadiliko haya yako ndani ya dirisha hilo tu.

Baba Kevo: Langu halina kiwimbi, lina nafasi: `C:\Users\Baba Kevo`. Setapu ikalalamika kwamba haijui `C:\Users\Baba`.

Kijana wa Umoja: Nafasi hata mimi ilinisumbua. Nilifuta filamu zote, ikaingia.

Baba Kevo: Nafasi kati ya maneno, kijana wangu, si ya diski.

Fundi wa River Road: 😂 Aliyeiandika alisahau alama za kunukuu, njia ikakatikia kwenye neno la kwanza. Dawa ni ileile.

Mũthoni wa Kasarani: Nimejaribu. Imeingia! Ila nikiifungua inaonyesha nembo, kisha inapotea.

Fundi wa River Road: Huenda inaandika mipangilio yake AppData, na hiyo bado iko chini ya jina lako. TEMP haifiki huko. Fungua akaunti nyingine, `muthoni` bila kiwimbi, uijaribu humo kabla hujahamisha faili lolote.

Mũthoni wa Kasarani: Yaani kompyuta ndiyo inaniambia niandike jina langu vipi? Haya, nikifunga duka nitajaribu.