Mrejesho: neno "Open" lililoletwa peke yake

Niliuliza: "Mteja ameniletea neno moja tu, Open, bila sentensi. Niandike Fungua au Wazi?"

Ahsanteni, ndugu zangu. Maswali mliyonipa yamelitatua. Kwanza nilimwuliza mteja kama neno hilo hubonyezwa au husomwa tu, naye akajibu kuwa husomwa, kwenye safu ya hali, kando ya kila lalamiko lililopokelewa. Hapo "Fungua" ikaondoka, kwa kuwa ni amri.

Swali la pili, ambalo kwa Kiswahili naliona zito zaidi, lilikuwa neno linaeleza nomino ipi na kama ni moja au nyingi, maana lalamiko hudai li-, malalamiko ya-, na tiketi i-. Nimeandika "Halijafungwa", kwa sababu neno la pili katika safu hiyohiyo ni Closed, na "Liko wazi" lingemfanya msomaji adhani kwamba kila mtu anaruhusiwa kulisoma lalamiko lake.

Baadaye iligundulika kuwa Open hiyohiyo hutumika pia kwenye kitufe cha kufungulia faili, nami nimeomba zitenganishwe ziwe maingizo mawili.