Nimechimba mashimo kutwa nzima, nimelipwa sawa na aliyefika saa sita!

Kibarua wa Kisauni: Nina hasira mpaka sasa. Jana tulikuwa wanne kwenye shamba moja huku Kisauni, kazi ya jumla, shilingi 3,000 kwa siku. Mimi nilipewa mashimo ya migomba, futi 2 kwenda chini, na kila shimo nilikuta jiwe la matumbawe. Sururu inaruka, viganja vimechubuka hata kikombe cha chai sikishiki vizuri. Nilianza saa moja asubuhi, nikaacha saa kumi. Ukitoa saa ya chakula, ni masaa 8. Mwenzangu mmoja alipalilia mihogo masaa 8 yale yale. Mwingine alipalilia 6, akaenda zake. Wa nne alifika saa sita, sisi tumeshakula, akapalilia masaa 4. Jioni nyapara akagawa 750 kwa kila mtu, eti sote ni vibarua. Hii ni dhuluma! Haki yangu ilikuwa ngapi?

Mama Mchicha: Pole mwanangu. Masaa yenu yote ni 26. Gawa 3,000 kwa hayo, ni kama 115 kwa saa, basi wewe 923. Halafu uongezwe nusu yake kwa ajili ya jiwe.

Nyapara wa Zamani: Mama, masaa umehesabu vizuri, lakini hiyo nyongeza itoke mfuko wa nani? Ukishagawa kwa masaa, 3,000 imekwisha. Ugumu unaingia kabla ya kugawa. Saa ya palizi ihesabiwe moja, saa ya sururu kwenye jiwe moja na nusu. Huyu kijana anapata mafungu 12, wenzake 8, 6 na 4. Jumla 30, kila fungu shilingi 100. Kwa hiyo yeye 1,200, wengine 800, 600 na 400. Hapo hela inatosha bila kubaki hata shilingi. Ila hiyo moja na nusu husemwa asubuhi, majembe yakiwa bado begani. Ikifika jioni kila mtu ataapa kazi yake ndiyo ngumu.

Mkwezi: Mimi hulipwa kwa mnazi. Juzi nimekatwa minazi 3 kwa sababu nazi zilikuwa chache. Kwani sikukwea?

Nyapara wa Zamani: Ulikwea, ulipwe. Lakini kaka, wewe hugawani na mtu.

Mpalilizi: Mimi ndiye niliyepalilia masaa 8. Kuinama juani kutwa nzima, nani kaamua ni moja tu?

Nyapara wa Zamani: Wewe sema ni ngapi, lakini uwaambie na wenzako. Na hata kwa hiyo moja, jana ulipunjwa 50.

Kibarua wa Kisauni: Kesho njoo ushike sururu mpaka saa nne tu, ndipo tuzungumze. Mimi 450 yangu naenda kuidai kwa nyapara asubuhi, kabla sijagusa shimo lolote.