Naomba ushauri: kuwaelezea wasioona picha za mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu

Habari zenu wanakikundi. Napiga picha za mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu, na baadhi ya wasomaji wangu hawaoni. Simu huwasomea maelezo. Moja niliandika "mchezaji akirusha mpira". Msomaji akaniuliza, tena kwa haki: yuko wapi, nani anamzuia?

Nikaandika upya: "Namba 7, karibu na kikapu, ameinamisha kiti, gurudumu la kushoto liko hewani, anaachia mpira juu ya mkono wa beki." Imeeleweka, ila ikifuatana kumi hivyo inachosha.

Nianze na mpira ulipo au na mchezaji? Na pointi za uainishaji, ambazo kila mchezaji hupewa kulingana na uwezo wa mwili wake (1 hadi 4.5, jumla ya watano uwanjani isizidi 14), niziweke humo, au chini ya picha wasome wote?